Akala, sa'ala na qara'a: hamza ikae wapi, na uchague tahajia ipi

Mwanafunzi wa Kiarabu aliyekwisha kumudu kataba, yaktubu, uktub hufika kwenye vitenzi vyenye hamza akidhani amekutana na mnyambuliko mpya kabisa. Sivyo. Hamza ni konsonanti kamili, ule mkato wa pumzi kooni, na katika mzizi wa kitenzi inashika nafasi yake sawasawa na kaf au taa. Haidondoki hovyo, haigeuki kuwa irabu ndefu kila inapojisikia, na haifuati tabia za waw na yaa, zile herufi dhaifu zinazowasumbua watu kwenye qāla na ramā. Kinachobadilika karibu kila mara ni kiti chake tu: mara iko juu ya alifu (أ), mara juu ya waw (ؤ), mara juu ya kijino cha yaa kisicho na nukta (ئ), mara imekaa peke yake mstarini (ء).

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "kitenzi hiki kinanyambuliwaje?" bali maswali mawili tofauti. La kwanza: hamza ya kitenzi hiki ipo mwanzo, kati au mwisho wa mzizi? La pili: ikiwa kuna tahajia zaidi ya moja zinazokubalika, niandike ipi? Nitaweka vitenzi vitatu ubavu kwa ubavu, akala (أكل, kula), sa'ala (سأل, kuuliza) na qara'a (قرأ, kusoma), kwa sababu kila kimoja kinawakilisha nafasi moja ya hamza. Na niseme mapema: havina uzito sawa. Kimoja hakina taabu, kimoja kina taabu mbili tu, na cha tatu ndicho kinachostahili muda wako.

Kwanza kanuni, maana bila hiyo jedwali litakuwa la kukariri tu. Hamza ikiwa katikati ya neno, tazama irabu iliyo juu yake na irabu ya herufi iliyo kabla yake, kisha chukua iliyo na nguvu zaidi. Kasra inashinda zote, inafuatwa na dhamma, kisha fatha, na sukuni haina nguvu. Kasra ikishinda, kiti ni yaa. Dhamma ikishinda, kiti ni waw. Fatha ikishinda, kiti ni alifu. Hamza ikiwa mwisho kabisa wa neno, hutazami irabu yake mwenyewe bali ya herufi iliyo kabla yake peke yake. Ikiwa mwanzo wa neno, kiti ni alifu siku zote. Kuna vighairi vinavyohusu irabu ndefu zilizo kabla ya hamza, kama katika tasā'ala (تساءل), lakini kwa vitenzi vyetu vitatu vya msingi hatuvihitaji.

Sasa tazama wakati uliopo na amri:

| Nafsi | akala | sa'ala | qara'a |
|---|---|---|---|
| yeye (mwanamume) | يأكل | يسأل | يقرأ |
| wao wawili (wanaume) | يأكلان | يسألان | يقرآن |
| wao (wanaume) | يأكلون | يسألون | يقرؤون |
| wao (wanawake) | يأكلن | يسألن | يقرأن |
| wewe (mwanamke) | تأكلين | تسألين | تقرئين |
| mimi | آكل | أسأل | أقرأ |
| sisi | نأكل | نسأل | نقرأ |
| amri, wewe (mwanamume) | كل | اسأل au سل | اقرأ |
| amri, wewe (mwanamke) | كلي | اسألي au سلي | اقرئي |
| amri, ninyi (wanaume) | كلوا | اسألوا au سلوا | اقرؤوا |

Pitisha jicho chini kwenye safu ya sa'ala. Hamza iko juu ya alifu kuanzia juu hadi chini, na pale inapokosekana ni kwa kuwa amri fupi imeitupa. Sababu iko wazi ukitumia kanuni. Katika wakati uliopo sin ina sukuni na hamza ina fatha: yas'alu. Fatha inaishinda sukuni, kiti ni alifu. Katika wakati uliopita zote mbili zina fatha: sa'altu, sa'alta, sa'alū. Alifu tena. Viambishi vya nafsi vinaungwa baada ya lam, mbali na hamza, kwa hiyo haviwezi kuigusa. Mtu akikwambia ujifunze vitenzi vya hamza kwa kuanzia na sa'ala kwa kuwa kimezoeleka, mwambie kimezoeleka kweli ila hakitakufundisha tahajia. Mahali pekee kiti kinapohama ni kauli ya kutendwa ya wakati uliopita, su'ila (سئل), "aliulizwa", ambapo hamza inapata kasra na kukaa juu ya yaa. Ndiyo ile su'ilat ya Surat At-Takwīr, aya ya 8.

Vitenzi ndugu vya sa'ala vinaweza kuwa na kiti kingine, lakini navyo hukaa kimya humohumo. Sa'ima (سئم), kuchoshwa na jambo, kina kasra katika wakati uliopita, basi kinaandikwa kwa yaa katika nafsi zote: سئمت، سئمنا، سئموا. Kikiingia wakati uliopo, yas'amu, kinahamia alifu (يسأم) na kubaki hapo. Nafsi haina mchango wowote. Kinachoamua ni wakati.

Jambo moja tu la sa'ala linahitaji uchaguzi, nalo ni amri. Kuna is'al (اسأل) na kuna sal (سل), zote sahihi. Qur'ani imezitumia zote kwa mpangilio unaoonekana: neno likianza jumla ni sal, kama "sal banī Isrā'īl" katika Al-Baqara aya ya 211, likitanguliwa na wa au fa, hamza inarudi, kama "fas'al" katika Yūnus aya ya 94. Katika maandishi ya kawaida ya leo is'al ndiyo iliyoenea, iwe mwanzo wa jumla au katikati. Ukiandika barua au mtihani, tumia is'al. Ukikutana na sal, usiende kutafuta mzizi mwingine.

Akala ina shida zake mbili, na zote ziko upande wa matamshi zaidi kuliko kiti.

Ya kwanza ni nafsi ya kwanza umoja. Kiambishi cha "mimi" katika wakati uliopo ni hamza yenye fatha, na herufi ya kwanza ya mzizi ni hamza yenye sukuni. Kwa mizani ungetarajia a'kulu yenye hamza mbili zilizofuatana. Kiarabu hakikubali hilo: hamza mbili zikikutana katika neno moja, ya kwanza ina irabu na ya pili ina sukuni, ya pili hugeuka irabu ndefu inayofanana na irabu ya ya kwanza. Basi tunapata ākulu, na katika maandishi alifu mbili zinaunganishwa kuwa alifu moja yenye madda: آكل. Hali ni hiyohiyo kwa ākhudhu (آخذ, nachukua), āmuru (آمر, naamuru) na āmulu (آمل, natumaini). Kwa nafsi nyingine zote hakuna hamza mbili, kwa hiyo hamza ya mzizi inabaki na mkato wake: ya'kulu, ta'kulu, na'kulu. Anayesema nākulu badala ya na'kulu ameichukua kanuni ya "mimi" na kuipeleka kwa "sisi", na masikio ya mwalimu huligundua mara moja.

Kanuni hiyo ya hamza mbili ndiyo pia inayoeleza kwa nini tunasema āmana (aliamini) na īmān, huku yu'minu ikibaki na hamza yake. Ukiikamata katika ākulu, umeikamata huko kote.

Shida ya pili ni amri. Akala, akhadha na amara hutupa hamza kabisa: kul, khudh, mur. Wengi hufundishwa vitatu hivi kisha wakaeneza desturi hiyo kwa kila kitenzi kinachoanza kwa hamza, na hapo ndipo wanapopotea. Vitatu hivi ni vighairi. Kitenzi kingine, tuseme adhina (أذن, kuruhusu), hakisemi dhan. Kinasema i'dhan, kinachotamkwa īdhan ukianzia hapo, na kuandikwa ائذن. Mfano uko katika At-Tawba aya ya 49, "i'dhan lī", niruhusu. Ukitanguliza fa, alifu ya kuunganishia inaondoka katika maandishi, hamza inajikuta nyuma ya fatha, na kiti chake kinakuwa alifu: فأذن, kama ilivyo katika An-Nūr aya ya 62. Mzizi ni uleule, amri ni ileile, kiti kimehama kwa sababu tu ya herufi iliyotangulia.

Hata ndani ya vighairi vitatu kuna tofauti. Kul na khudh hazirudishi hamza yake hata zikitanguliwa na wa: wa-kulū, wa-khudh. Mur huirudisha mara nyingi: wa'mur (وأمر). Aya moja inazionyesha zote mbili pamoja, Al-A'rāf 199: "khudhi l-'afwa wa'mur bil-'urf". Aliyeihifadhi aya hiyo tayari anayo kanuni kichwani. Inabaki kuitambua tu.

Tukija kwa qara'a, mambo yanageuka. Hapa hamza ni herufi ya mwisho ya mzizi, na katika Kiarabu viambishi vya nafsi vinaungwa mwishoni. Kila nafsi ina kiambishi chake chenye irabu yake, na irabu hiyo inapandishwa moja kwa moja juu ya hamza. Hivyo kiti kinahama ndani ya wakati mmoja, kwa sababu ya nafsi peke yake. Hakuna kati ya vile viwili vingine kinachofanya hivyo.

Njia ninayoipendelea ya kulitatua ni ya zamani kuliko vitabu vya shule: weka ayn mahali pa hamza, nyambua bila wasiwasi, kisha rudisha hamza na umuulize kila mmoja irabu yake. Yaqra'u inakuwa yaqra'u ya ayn, يقرع, ambalo kwa bahati ni neno kweli, "anabisha mlango". Sasa nyambua: يقرع، يقرعان، يقرعون، يقرعن، تقرعين. Hakuna anayekosea hapo, maana ayn haina viti. Halafu rudi mmoja mmoja.

Yaqra'u: hamza iko mwisho wa neno, kabla yake raa ina fatha. Alifu: يقرأ. Dhamma iliyo juu ya hamza yenyewe haina kura, kwa kuwa iko mwisho.

Yaqra'āni, wao wawili: hamza sasa imeingia katikati kwa sababu ya alifu ya uwili. Ina fatha, na raa ina fatha. Alifu, lakini inafuatwa na alifu nyingine, kwa hiyo zinakuwa moja yenye madda: يقرآن.

Yaqra'ūna, wao wanaume: hamza ina dhamma, raa ina fatha. Dhamma inashinda. Waw: يقرؤون.

Yaqra'na, wao wanawake: hamza ina sukuni, raa ina fatha. Alifu: يقرأن. Ilinganishe na ile ya wawili: يقرآن na يقرأن. Kinachotofautisha wanaume wawili na wanawake wengi ni madda juu ya alifu dhidi ya hamza juu ya alifu. Kwenye skrini ndogo ya simu, wengi huandika moja wakikusudia nyingine na hawajui. Na ukiondoa yaa katika ile ya kwanza unabaki na قرآن, Qur'ani yenyewe, ilhali قرأن bila madda ni "wanawake walisoma".

Taqra'īna, wewe mwanamke: hamza ina kasra. Kasra haishindwi na mtu. Yaa: تقرئين.

Wakati uliopita una mwendo uleule lakini kwa upole, kwa kuwa viambishi vingi vyake vinaanza na konsonanti na kuiacha hamza na sukuni. Qara'tu, qara'ta, qara'ti, qara'nā, qara'tum: zote alifu, قرأت، قرأنا، قرأتم. Kinachohama ni wawili, قرآ, na wengi wanaume, قرؤوا. Kauli ya kutendwa, quri'a, ina kasra kabla ya hamza ya mwisho, basi ni قرئ, kama katika Al-A'rāf 204, "wa idhā quri'a l-Qur'ān".

Kosa linalojitokeza zaidi hapa si la kiti bali la kuifanya hamza kuwa herufi dhaifu. Baada ya neno la kukanusha lam, kitenzi kama yarmī hupoteza yaa yake: lam yarmi. Mwanafunzi anahamisha mazoea hayo na kuandika لم يقر. Hapana. Hamza ni konsonanti nzima, inachukua sukuni na kubaki: lam yaqra', لم يقرأ. Mazungumzo ya kila siku yanachangia, kwani katika lahaja nyingi za Kiarabu hamza ya mwisho imelainishwa kuwa yaa, na kijana aliyekulia Maskati kwa jamaa zake au aliyefanya kazi Ghuba atasema kitu kama qarēt kwa "nilisoma". Kulainisha hamza si uharibifu wa juzi. Wanasarufi wa kale walikwisha eleza kwamba watu wa Hijazi waliilainisha ilhali Tamim waliikaza, na kisomo cha Warsh hadi leo kinasema yūminūna pasipo mkato, tofauti na Hafs kinachosomwa kwetu pwani. Lakini Kiarabu sanifu cha kuandika kinaitaka hamza, na qarayt katika insha ni kosa.

Sasa uchaguzi wenyewe. Katika jedwali nimeandika يقرؤون, lakini msomaji aliyefungua msahafu atasema mbona kule ni يقرءون, na msomaji wa magazeti atasema amekutana na يقرأون. Tahajia tatu, neno moja, matamshi yaleyale. Tuzipime.

يقرءون, hamza mstarini, ndiyo ya msahafu; iko katika ileile aya ya 94 ya Yūnus. Ndiyo pia iliyokuwa desturi ya uchapaji wa Misri kwa muda mrefu, na bado utaiona katika vitabu vya Kairo. Hoja yake ni kuepuka waw mbili zilizofuatana: moja ya kiti, moja ya wingi. Wamisri wanaposhika desturi hiyo, wanaiweka hamza mstarini ikiwa herufi iliyotangulia haiungani na ya mbele yake, kama raa na dal (يقرءون, يبدءون), na wanaiweka juu ya kijino ikiwa inaungana: يملئون kwa yamla'ūna, "wanajaza". Kwa sababu hiyohiyo Mmisri huandika مسئول pale wengine wanapoandika مسؤول. Faida yake ni kwamba inakuweka karibu na msahafu. Hasara ni kwamba inadai ukumbuke kanuni ya pili juu ya ile ya nguvu za irabu, na herufi zinazoungana na zisizoungana juu ya hiyo.

يقرأون, hamza juu ya alifu, inatokana na kulitazama neno kama يقرأ lililoongezewa ون mwishoni. Mwandishi anaichukua hamza kana kwamba bado iko mwisho, na hakubali kiambishi kibadili sura ya shina. Ni rahisi kwa jicho, maana shina halibadiliki. Tatizo ni kwamba haikai vizuri mbele ya kanuni unayoitumia kwingine kote, na anayeishika sawasawa analazimika kuandika pia تقرأين, ambayo wasahihishaji wengi wataipiga mstari mwekundu. Wapo wanaoiandika kwa wanaume wengi kisha wanarudi kwenye تقرئين kwa mwanamke. Hao hawana mfumo, wana mazoea mawili.

يقرؤون, hamza juu ya waw, ni matokeo ya kanuni ya nguvu bila kighairi chochote. Ndiyo inayotawala katika vitabu vya Sham na Ghuba, na katika vitabu vingi vya kufundishia wageni. Hasara yake pekee ni waw mbili zikikaa pamoja, jambo la sura tu.

Uamuzi wangu kwa anayejifunza kuandika Kiarabu cha sasa ni يقرؤون, bila kusita. Inakugharimu kanuni moja, na kanuni hiyohiyo inakupa تقرئين, قرئ, سئل na mengine yote. Anayesoma kwa ajili ya Qur'ani peke yake, na haandiki barua wala insha, hana sababu ya kupigana na msahafu. Aizoee يقرءون kwa macho, ajue ni mapokeo ya uandishi wa msahafu, yale yanayomfanya pia aone يسألونك imeandikwa bila alifu yoyote chini ya hamza yake. Na anayefanya mtihani wa chuo chenye mtaala wa Kimisri aangalie kitabu alichopewa na kufuata hicho hadi ukurasa wa mwisho. Kisichosameheka popote ni kuchanganya mbili katika ukurasa mmoja.

Kuna jaribio dogo linaloonyesha kama mtu ameielewa qara'a au amekariri jedwali: muunganishie kiwakilishi cha "hicho". Yaqra'uhu, "anakisoma". Hamza iliyokuwa mwisho sasa iko katikati, na dhamma yake, ambayo haikuwa na kura, imepata kura. Kiti kinahama: يقرؤه. Lakini ukitanguliza lan, kitenzi kinakuwa mansubu, hamza ina fatha: لن يقرأه. Ukitanguliza lam, ina sukuni: لم يقرأه. Nahau ambayo kwa kawaida imefichika katika irabu zisizoandikwa, hapa imepanda juu ya karatasi kwa njia ya kiti cha hamza. Katika Al-Isrā' aya ya 93 kuna naqra'uhu, نقرؤه, na hata msahafu hapo umetumia waw, kwa kuwa hakuna waw ya pili ya kuiepuka. Akala na sa'ala hazikupi kitu kama hiki. Ndiyo maana, kwa mtu mwenye nafasi ya kukaa na kitenzi kimoja tu na kukinyambua kwa mkono mpaka mwisho, nasema akae na qara'a. Bada'a (بدأ, kuanza), mala'a (ملأ, kujaza), laja'a (لجأ, kukimbilia) vinafuata nyuma yake bila kuongeza neno.

Linabaki moja linalogusa vyote viwili, sa'ala na qara'a, na linaleta maana potofu zaidi kuliko viti vyote. Nafsi ya kwanza as'alu ni أسأل, yenye hamza ya kukata juu ya alifu ya kwanza. Amri is'al ni اسأل, alifu tupu, kwa kuwa hiyo ni alifu ya kuunganishia inayopotea ukitanguliza neno. Vivyo hivyo أقرأ ni "nasoma" na اقرأ ni "soma!". Kumwandikia mtu أسأل عن أخيك ni kumwambia unauliza habari za ndugu yake. Ukiiacha ile hamza ndogo ya mwanzo, umemwagiza aulize yeye. Wako wanaoandika إقرأ kwa hamza chini ya alifu, wakiamini wanasaidia matamshi. Hamza hiyo haistahili kuwepo. Kuipima ni rahisi: tanguliza wa na usikilize. Ukisema waqra', alifu imemezwa, basi haina hamza. Ukisema wa-aqra'u, mkato umebaki, basi iandike.

Na kwa anayetafuta maneno haya kwenye kompyuta au katika msahafu wa simu: programu nyingi za kutafuta zinachukulia أ، ؤ، ئ، ء na آ kuwa herufi tano tofauti. Ukitafuta يقرؤون katika matini ya msahafu unaweza kuambiwa haipo, ilhali iko hapo kama يقرءون. Tafuta sehemu isiyo na hamza, yaani يقر, upitie orodha kwa macho. Kwenye kamusi ya mizizi mambo ni kinyume: hapo kiti hakihesabiwi kabisa, hamza ni herufi ya kwanza ya alfabeti, na ukikutana na كلوا au خذ usiende kwenye kaf wala khaa. Fungua mlango wa mwanzo kabisa, chini ya ء ك ل na ء خ ذ.